Kwa Nini Bei ya Hatifungani Hushuka Riba za Soko Zinapopanda

Kila mara Benki Kuu ya Tanzania inapotangaza matokeo ya mnada wa hatifungani za Serikali, jedwali la matokeo huwa na namba tatu ambazo wananchi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni riba ya kuponi, ya pili ni bei kwa kila Shilingi 100, na ya tatu ni mavuno hadi kuiva. Namba ya kwanza hupangwa hatifungani inapotolewa na haibadiliki tena. Mbili zinazofuata hubadilika kila soko linapobadilika, na kila moja huenda kinyume cha mwenzake: bei ikipanda mavuno hushuka, na bei ikishuka mavuno hupanda.

Kutozielewa namba hizo kunaweza kumgharimu mwekezaji fedha nyingi. Mtu aliyeweka kiinua mgongo chake katika hatifungani ya muda mrefu, akijua kwamba Serikali hulipa kwa wakati, anaweza kushangaa akitaka kuiuza baada ya miaka miwili na kuambiwa kwamba hati yake ya Shilingi milioni 10 sasa inanunuliwa kwa Shilingi milioni nane na kidogo. Serikali haijavunja ahadi yoyote kwake, na kuponi zote zimelipwa kwa tarehe zake. Kilichobadilika ni riba ambayo soko linaitoa kwa wawekezaji wapya, na makala haya yanaeleza jinsi mabadiliko hayo yanavyoifikia bei ya hati ya zamani.

Kuponi ni ahadi isiyobadilika

Hatifungani ni mkopo ambao mwananchi, benki au mfuko wa pensheni unaipa Serikali. Kiasi ambacho Serikali imeahidi kurejesha siku ya mwisho huitwa thamani ya hati. Siku hiyo ya mwisho huitwa siku ya kuiva. Katikati ya siku ya kutolewa na siku ya kuiva, Serikali humlipa mwenye hati riba mara mbili kwa mwaka, yaani kila baada ya miezi sita. Malipo hayo ndiyo kuponi.

Kuponi hukokotolewa kwa thamani ya hati, wala si kwa bei ambayo mwekezaji aliilipa. Hatifungani ya miaka 25 iliyotolewa baada ya viwango kurekebishwa mwaka 2022 ilikuwa na kuponi ya asilimia 12.56 kwa mwaka. Mwenye hati ya thamani ya Shilingi 10,000,000 hupokea Shilingi 1,256,000 kwa mwaka, ikigawanywa katika malipo mawili ya Shilingi 628,000. Atapokea kiasi hicho hicho mwaka wa kwanza, mwaka wa kumi na mwaka wa 25, hata kama riba katika uchumi zitakuwa zimepanda maradufu au zimeshuka hadi nusu. Siku ya kuiva atarejeshewa Shilingi 10,000,000 pamoja na kuponi ya mwisho.

Uthabiti huo ndio unaowavutia wawekezaji, na pia ndio chanzo cha kuyumba kwa bei. Kwa kuwa kuponi haiwezi kubadilishwa ili ilingane na hali mpya ya soko, kinachobaki kubadilika ni kiasi ambacho mtu yuko tayari kulipa ili aipate.

Bei hurekebisha kile ambacho kuponi haiwezi kurekebisha

Njia rahisi ya kuliona jambo hili ni kuanza na hatifungani iliyobakiza mwaka mmoja tu. Tuseme ina thamani ya Shilingi 1,000,000, kuponi yake ni asilimia 10, na kwa ajili ya wepesi wa hesabu malipo yote yatafanyika mara moja mwishoni mwa mwaka. Mwenye hati atapokea Shilingi 1,100,000 siku hiyo.

Ikiwa soko leo linatoa asilimia 10 kwa mkopo wa mwaka mmoja wenye usalama kama huo, mnunuzi atakuwa radhi kulipa Shilingi 1,000,000. Lakini ikiwa hatifungani mpya za mwaka mmoja sasa zinatoa asilimia 12, hakuna mwenye busara atakayelipa Shilingi 1,000,000 ili apate Shilingi 100,000 za riba, ilhali kwa fedha hizo hizo anaweza kupata Shilingi 120,000 kwingine. Mwenye hati ya zamani hana uwezo wa kuiongeza kuponi. Anachoweza kufanya ni kupunguza bei hadi mnunuzi apate asilimia 12 kamili.

Bei hiyo hupatikana kwa kugawa Shilingi 1,100,000 kwa 1.12, na jibu ni Shilingi 982,143. Mnunuzi akilipa kiasi hicho na kupokea Shilingi 1,100,000 baada ya mwaka, atakuwa amepata Shilingi 117,857, ambazo ni asilimia 12 ya fedha alizotoa. Sehemu ya faida hiyo, yaani Shilingi 100,000, imetokana na kuponi. Sehemu iliyobaki, Shilingi 17,857, imetokana na kununua chini ya thamani ya hati.

Upande wa pili unafuata kanuni hiyo hiyo. Soko likiwa linatoa asilimia 8 tu, hati ile ile ya asilimia 10 inakuwa ya kutafutwa, na bei yake hupanda hadi Shilingi 1,018,519. Mnunuzi atapokea kuponi kubwa, lakini siku ya kuiva atarejeshewa pungufu ya alicholipa, na matokeo yake ya jumla yatakuwa asilimia 8.

Kwa hiyo riba za soko hazina mkono wa moja kwa moja unaoikata bei ya hatifungani. Bei hushuka kwa sababu hati ya zamani inashindana na hati mpya mbele ya mnunuzi yule yule, na bei ndiyo njia pekee inayoiwezesha kushindana.

Hatifungani ya miaka 25 soko linapofika asilimia 15

Hatifungani yenye malipo mengi hupangiwa bei kwa njia hiyo hiyo, isipokuwa kila malipo hupimwa peke yake. Kila kuponi, pamoja na thamani ya hati itakayolipwa mwishoni, hurudishwa katika thamani yake ya leo kwa kutumia riba ya soko. Malipo ya mbali zaidi hupunguzwa zaidi. Kisha thamani hizo zote hujumlishwa, na jumla yake ndiyo bei.

Chukua hatifungani ya asilimia 12.56 yenye miaka 25 kamili mbele yake. Soko likiwa linadai asilimia 12.56, bei yake ni Shilingi 100 kwa kila Shilingi 100 za thamani. Sasa tuseme, kwa ajili ya mfano, kwamba soko limeanza kudai asilimia 15. Kwa hati ya Shilingi 10,000,000, kuponi zote 50 kwa pamoja zina thamani ya leo ya takriban Shilingi 8,148,000. Shilingi 10,000,000 zitakazorejeshwa baada ya miaka 25 zina thamani ya leo ya takriban Shilingi 269,000 tu. Jumla ni Shilingi 8,417,000, yaani bei ya 84.17 kwa kila Shilingi 100.

Ongezeko la riba la pointi chini ya mbili na nusu limeondoa takriban asilimia 16 ya bei. Wawekezaji wapya wengi hukisia kwamba riba ikipanda kwa pointi mbili, bei itashuka kwa asilimia mbili au karibu na hapo. Makisio hayo yanakaribia ukweli kwa hati iliyobakiza mwaka mmoja, lakini yapo mbali nao kwa hati ya miaka mingi. Mnunuzi wa hati ya muda mrefu anatakiwa kufidiwa upungufu wa kuponi kwa kila mwaka uliobaki, na fidia yote hiyo hutolewa kwa mkupuo mmoja kupitia bei ya leo.

Muda uliobaki ndio kipimo cha mtikisiko

Ili kuona nafasi ya muda, hati nne zenye kuponi ile ile ya asilimia 12.56 zinaweza kulinganishwa soko linapodai asilimia 15. Iliyobakiza miaka miwili itauzwa kwa 95.91. Iliyobakiza miaka mitano itauzwa kwa 91.63. Iliyobakiza miaka 10 itauzwa kwa 87.56, na ile ya miaka 25 kwa 84.17.

Mambo mawili yanaonekana katika namba hizo. Kwanza, kadiri muda unavyorefuka ndivyo bei inavyoshuka zaidi kwa ongezeko lile lile la riba. Pili, mshuko hauongezeki kwa hatua sawa. Kutoka miaka miwili hadi kumi, bei imepungua kwa zaidi ya pointi nane. Kutoka miaka kumi hadi 25, imepungua kwa pointi tatu na nusu hivi. Sababu ni kwamba malipo ya miaka ya mbali sana tayari yana thamani ndogo leo, hivyo kuyapunguza zaidi hakubadilishi jumla kwa kiasi kikubwa.

Hapo ndipo mwekezaji anapopaswa kuoanisha muda wa hati na muda wa mahitaji yake. Fedha zinazotarajiwa kulipia karo baada ya miaka miwili zikiwekwa katika hati ya miaka miwili, kupanda kwa riba hakuna athari kwake, kwa kuwa hati itaiva kwa thamani yake kamili. Fedha hizo hizo zikiwekwa katika hati ya miaka 25 kwa kuvutiwa na kuponi kubwa, mwenye hati atalazimika kuiuza, na bei atakayoipata itategemea riba za soko za siku hiyo.

Riba zikishuka, mwenye hati ya zamani hunufaika

Mwaka 2022 ulitoa mfano wa upande wa pili. Hatifungani ya miaka 25, ambayo ilianza kuuzwa nchini mwaka 2021 ikiwa na kuponi ya asilimia 15.95, ilishushiwa kiwango, na matoleo mapya yakawa na kuponi ya asilimia 12.56. Hatifungani ya miaka 20 nayo ilitoka asilimia 15.49 hadi asilimia 12.10.

Waliokuwa wamenunua hati za asilimia 15.95 hawakuguswa na punguzo hilo. Kuponi yao iliendelea kulipwa kama ilivyoahidiwa, na hati zao zikawa na mvuto mkubwa kuliko hati mpya. Ukokotoaji unaonyesha ukubwa wa mvuto huo: kama soko lingedai asilimia 12.56 kamili, hati ya asilimia 15.95 iliyobakiza miaka 24 ingekuwa na bei ya takriban 125.54. Aliyenunua kwa Shilingi 10,000,000 angeweza kuiuza kwa zaidi ya Shilingi 12,500,000.

Mnunuzi wa hati hiyo kwa bei ya 125.54 anahitaji tahadhari. Hati yake ina maandishi ya asilimia 15.95, lakini yeye hatapata asilimia 15.95 kwa fedha alizotoa. Amelipa Shilingi 12,554,000, anapokea kuponi ya Shilingi 1,595,000 kwa mwaka, na mwishoni atarejeshewa Shilingi 10,000,000 tu. Kuponi kubwa na upungufu wa mwishoni vikichanganywa, mavuno yake ni asilimia 12.56. Kwa maneno mengine, faida ya ziada ya hati ile ilikwisha kuchukuliwa na yule aliyeiuza.

Mavuno ya sasa na mavuno hadi kuiva

Kwa kuwa kuponi peke yake haisemi mwekezaji anapata nini, soko hutumia vipimo viwili vya mavuno. Mavuno ya sasa hupatikana kwa kugawa kuponi ya mwaka kwa bei iliyolipwa. Hati ya asilimia 12.56 iliyobakiza miaka mitano ikinunuliwa kwa 91.63, mavuno yake ya sasa ni 12.56 kugawanya kwa 91.63, yaani asilimia 13.71.

Kipimo hicho ni chepesi, lakini kinaacha jambo moja nje. Mnunuzi huyo alilipa 91.63 na atarejeshewa 100 baada ya miaka mitano. Shilingi 8.37 hizo ni sehemu ya faida yake. Mavuno hadi kuiva huzihesabu, pamoja na tarehe za kila malipo, na kwa hati hiyo hutoa asilimia 15. Hiki ndicho kipimo kinachowezesha kulinganisha hati zenye kuponi na bei tofauti, na ndicho kinachotajwa katika matokeo ya mnada.

Kuna njia ya haraka ya kukagua namba alizopewa mwananchi. Hati ikiuzwa chini ya 100, kuponi lazima iwe ndogo kuliko mavuno ya sasa, na mavuno ya sasa lazima yawe madogo kuliko mavuno hadi kuiva. Katika mfano uliotangulia mpangilio ni 12.56, kisha 13.71, kisha 15. Hati ikiuzwa juu ya 100, mpangilio hugeuka kabisa. Ikiuzwa kwa 100 kamili, namba zote tatu hulingana. Karatasi ya mauzo inayodai kwamba hati inauzwa kwa 110 na kwamba mavuno hadi kuiva ni makubwa kuliko kuponi ina kosa, na mnunuzi ana haki ya kuomba hesabu ifanywe upya kabla ya kulipa.

Mavuno hadi kuiva nayo yana mpaka wake. Hesabu yake huchukulia kwamba kila kuponi itawekezwa tena kwa kiwango kile kile hadi siku ya mwisho. Mwenye hati anayetumia kuponi zake kwa matumizi ya nyumbani atapokea kila Shilingi aliyoahidiwa, lakini hatajikusanyia limbikizo ambalo kiwango hicho kinalichukulia.

Namna ya kusoma matokeo ya mnada

Katika mnada, washiriki wanaoshindana huandika bei wanayokubali kulipa kwa kila Shilingi 100 za thamani. Maombi ya bei ya juu hukubaliwa kwanza, kisha yanayofuata, hadi kiasi kinachohitajika kifikiwe. Wawekezaji wadogo wanaweza kuomba bila kushindana, na hao hupata hati kwa wastani wa bei za maombi yaliyofaulu, wastani unaozingatia ukubwa wa kila ombi.

Kwa hiyo tangazo la matokeo likionyesha wastani wa bei ulio chini ya 100, msomaji anajua mara moja kwamba soko lilidai mavuno makubwa kuliko kuponi. Wastani ukiwa juu ya 100, soko liliridhika na mavuno madogo kuliko kuponi. Msomaji anayefuatilia minada miwili mfululizo ya hati yenye kuponi ile ile anaweza kutambua mwelekeo wa riba kwa kutazama bei pekee: bei ikitoka 98 hadi 94, riba za soko za muda huo zimepanda, hata kama kuponi iliyoandikwa haijabadilika.

Jambo hilo linaihusu pia hazina ya umma. Hati ikiuzwa kwa 84.17, Serikali hupokea Shilingi 84.17 lakini hubaki na deni la Shilingi 100 siku ya kuiva. Kwa sababu hiyo, riba za soko zinapopanda na kubaki juu, watoaji wa hatifungani hulazimika kuchagua kati ya kuuza kwa punguzo kubwa au kutoa hati mpya zenye kuponi inayokaribia mavuno ya soko.

Nani hupata hasara, na lini

Turejee kwa mwekezaji aliyenunua hati ya asilimia 12.56 kwa Shilingi 10,000,000. Baada ya miaka miwili anahitaji fedha, hati imebakiza miaka 23, na soko linadai asilimia 15. Bei yake ni takriban 84.32, hivyo atapata Shilingi 8,432,000. Katika miaka hiyo miwili amepokea kuponi nne, jumla Shilingi 2,512,000. Akitoa upungufu wa bei wa Shilingi 1,568,000, faida inayobaki ni Shilingi 944,000, sawa na chini ya asilimia tano kwa mwaka ya fedha alizowekeza. Hakupoteza mtaji wake wote, lakini sehemu kubwa ya riba aliyoipokea imemezwa na bei.

Mwekezaji wa pili mwenye hati kama hiyo, lakini asiye na haja ya kuuza, hupokea kuponi zake zote na Shilingi 10,000,000 siku ya kuiva. Kushuka kwa bei hakumpunguzii hata Shilingi moja ya malipo yake. Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba kupanda kwa riba hakumgusi kabisa. Fedha zake zimefungwa katika asilimia 12.56 wakati wengine wanapata asilimia 15. Na ikiwa riba zimepanda kwa sababu mfumuko wa bei umepanda, kila kuponi anayoipokea inanunua bidhaa chache kuliko alivyotarajia.

Tofauti kati ya wawekezaji hao wawili ni kulazimika kuuza. Taasisi kubwa nazo hukumbwa na hali hiyo. Nchini Marekani, Benki Kuu ya nchi hiyo ilianza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu na sifuri, na kufikia Februari 2023 kiwango chake kilikuwa kati ya asilimia 4.5 na 4.75. Benki iitwayo Silicon Valley Bank ilikuwa imeweka sehemu kubwa ya amana za wateja katika hatifungani za muda mrefu zilizonunuliwa riba zikiwa chini. Wateja walipoanza kutoa fedha zao, benki hiyo iliuza hati za takriban dola bilioni 21 na Machi 8, 2023 ikatangaza hasara ya takriban dola bilioni 1.8. Wenye amana wakakimbilia kutoa fedha zaidi, na Machi 10 mamlaka zikaifunga. Hatifungani hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa na dhamana ya Serikali ya Marekani au taasisi zake, na zingelipwa kikamilifu siku ya kuiva. Tatizo lilikuwa kwamba wenye amana hawakusubiri siku hiyo.

Riba ya Benki Kuu na mavuno ya hatifungani

Tangu Januari 2024, Benki Kuu ya Tanzania inatekeleza sera ya fedha kwa kutumia Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapandishwa hadi asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huo, na ikashushwa hadi asilimia 5.75 mwezi Julai 2025. Riba hiyo huongoza gharama ya mikopo ya siku saba baina ya benki. Haiamuliwi kuwa mavuno ya hatifungani, na ndiyo maana inaweza kuwa asilimia 6 wakati hati za muda mrefu zinauzwa kwa mavuno makubwa zaidi.

Mavuno ya muda mrefu huamuliwa na wanunuzi katika mnada na sokoni. Wao huangalia mfumuko wa bei wanaoutarajia kwa miaka ijayo, kiasi ambacho Serikali inakusudia kukopa, na wingi wa fedha zilizopo mikononi mwa benki na mifuko ya pensheni. Riba ya Benki Kuu huathiri matarajio hayo, lakini mabadiliko ya robo pointi katika riba hiyo hayamaanishi kwamba mavuno ya hati ya miaka 25 yatabadilika kwa robo pointi siku ya pili.

Wakati wa kuuza au kununua sokoni

Hati iliyokwishatolewa huuzwa katika soko la upili kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa kutumia mawakala wenye leseni. Mwenye hati anayefikiria kuuza anapaswa kufahamu kwamba bei inayotajwa kwa kawaida haijumuishi riba iliyokusanyika tangu kuponi ya mwisho. Hati ya Shilingi 10,000,000 ya asilimia 12.56 ikiuzwa miezi mitatu baada ya malipo, nusu ya kuponi, yaani Shilingi 314,000, ni haki ya muuzaji, na mnunuzi humlipa juu ya bei. Mnunuzi naye hurejeshewa kiasi hicho atakapopokea kuponi nzima ya Shilingi 628,000 baada ya miezi mitatu mingine. Anayelinganisha bei za mawakala wawili lazima ajue kama wote wametaja bei bila riba hiyo, vinginevyo atadhani mmoja ni ghali bila sababu.

Pia bei iliyokokotolewa si bei ya uhakika. Hesabu hueleza hati ina thamani gani kwa kiwango fulani cha mavuno, lakini mauzo yanahitaji mnunuzi. Kiasi kidogo cha hati kinaweza kukaa sokoni kwa muda, na muuzaji mwenye haraka anaweza kulazimika kukubali bei iliyo chini ya hesabu. Asiyetaka kuuza wakati bei ziko chini anaweza kuuliza benki yake kuhusu mkopo unaodhaminiwa kwa hatifungani. Benki hukubali hati hizo kuwa dhamana, ingawa riba ya mkopo huo inapaswa kulinganishwa na hasara ambayo kuuza kungeileta.

Anayenunua, kwa upande wake, anahitaji majibu ya maswali matatu kabla ya kutia saini: bei kwa kila Shilingi 100 ni ipi, mavuno hadi kuiva kwa bei hiyo ni kiasi gani, na hati itaiva mwaka gani. Kuponi iliyoandikwa kwenye hati humwambia kiasi atakachopokea kila baada ya miezi sita. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayomwambia fedha zake zitazaa nini, na kama mwaka wa kuiva unakuja kabla au baada ya siku atakayozihitaji.